Orodha ya Darasa na Kitufe cha «J'accepte»

Akina mama wapendwa, juma hili tunawaandikia juu ya kosa ambalo tulilifanya sisi wenyewe. Sisi ni walimu watatu wa shule ya msingi hapa Bukavu, wa darasa la tano na la sita. Wawili kati yetu ni wazazi, na mmoja bado analea wadogo zake. Kosa lenyewe halikufanywa kwa ubaya. Lilifanywa kwa haraka, na watu waliotaka watoto wajue hesabu.

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kijana mmoja alikuja shuleni na programu ya masomo ya telefone. Mtoto anafungua, anapata mazoezi ya hesabu na ya kusoma, anajibu, na programu inamwambia pale alipokosea. Haikuombwa franga hata moja. Tuliipenda. Mwenye darasa la watoto 52 anajua ni kazi gani kusahihisha kaye 52 kila jioni, tena kwa mwanga wa taa ya kuchaji.

Yule kijana alitupa karatasi yenye safu tisa tuijaze: majina matatu ya mtoto, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, avenyu na namba ya parseli, namba ya telefone ya mzazi, na picha ya uso. Tulichukua rejista ya darasa, tukanakili yote, tukapiga picha zile karatasi. Kwa kuwa mega za mmoja wetu zilikuwa zimekwisha, picha hizo zilipitia katika kundi la WhatsApp la wazazi ili mwenzetu azichukue pale na kuzituma kwa kijana. Kundi lile lina namba zaidi ya sitini.

Siku ya kwanza asubuhi, kabla ya kengele, mama mmoja alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa. Hakupiga makelele. Alituonyesha telefone yake, na juu yake ile picha ya orodha, mstari wa jina la binti yake.

«Mwalimu,» akasema, «mimi nilitoka Uvira usiku na watoto watatu. Mwanaume niliyemkimbia hajui niko avenyu gani. Katika kundi hili kuna shemeji yake. Mlimwuliza nani kabla ya kuandika mahali mtoto wangu analala?»

Tulimjibu jibu ambalo sasa linatupa haya. Tulisema: «Mama, ilikuwa kwa ajili ya masomo.»

Akatazama tena telefone yake. «Parseli yangu inamfundisha mtoto hesabu gani?»

Hatukuwa na jibu. Tulifuta picha zile katika kundi siku ileile, lakini kufuta kwa wote kunaondoa ujumbe tu. Haiondoi picha ambayo mtu amekwisha kuihifadhi katika telefone yake. Yule mama alihama parseli kabla ya mwisho wa mwezi, kwa pesa zake. Binti yake alikosa shule siku tisa.

Tangu hapo tulikaa chini kama watu wanaojifunza upya, na tulichojifunza ndicho tunawaletea.

Jambo la kwanza ni hili: tuliichukua ile karatasi ya safu tisa, na kwa kila safu tukauliza lile swali la mama yule. Safu hii inamfundisha mtoto nini? Jinsia: hakuna zoezi la sehemu na desimali linalobadilika kwa msichana au mvulana. Mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, avenyu na parseli: hakuna. Picha ya uso: yule kijana alisema ni kwa uzuri, ili mtoto aone sura yake pale juu. Tarehe ya kuzaliwa: alisema programu inachagua mazoezi kwa umri. Lakini sisi tuna watoto wa miaka kumi na wa miaka kumi na minne katika darasa moja, kwa sababu ya vita na kuhamahama. Mazoezi yanachaguliwa kwa darasa, si kwa tarehe. Namba ya mzazi: ni ya kutuma matokeo, na mzazi anaweza kuyapata kwetu.

Likabaki jina. Programu inahitaji kutofautisha mtoto mmoja na mwingine, lakini haihitaji kujua anaitwa nani. Basi tuliwapa watoto namba, 5A-01, 5A-02, mpaka mwisho. Jina lenye kila namba liko katika kaye moja, na kaye hiyo inafungiwa kwenye kabati ya mkurugenzi. Safu tisa zimekuwa mbili, namba na darasa. Mazoezi ni yaleyale, na programu inafanya kazi vilevile.

Pengine mtauliza kwa nini tarehe ya kuzaliwa ya mtoto ilindwe kuliko ya mtu mzima. Sababu ni kwamba mtoto ataishi nayo muda mrefu zaidi. Mtu mzima akiibiwa namba ya telefone, ananunua nyingine. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi havibadiliki, na ndivyo vinaulizwa kila mahali pa kuthibitisha mtu ni nani. Tena mtoto yuko katika kukosea, maana kujifunza ndiko huko. Programu inaandika kila jibu baya, kila dakika aliyokaa bila kujibu, kila zoezi aliloliacha. Kwetu mwalimu, mtoto anayesoma polepole mwezi wa kumi anaweza kuwa wa kwanza mwezi wa tano, na ule upole wake tunausahau. Lakini ulioandikwa katika mashine ya watu wa mbali hausahauliki mpaka mtu aufute.

Na je, wanafuta? Hapa tunawapa mfano wa mbali, kwa sababu uliandikwa wazi. Kule Marekani kulikuwa na programu ya masomo iliyoitwa Edmodo. Walimu waliitumia kutoa kazi za nyumbani na kuzungumza na wanafunzi. Mwaka wa 2017 wezi waliingia ndani yake na kuchukua habari za watumiaji zaidi ya milioni 70. Halafu mwezi wa tano mwaka wa 2023, Tume ya Biashara ya Marekani iliishitaki. Mashitaka yalisema kwamba kampuni ilikusanya majina, tarehe za kuzaliwa na namba za telefone za watoto bila ridhaa ya wazazi, na ikazitumia habari za watoto kwa kuwaonyesha matangazo ya biashara. Ilisemwa pia kwamba kwa miaka mingi haikuwa na desturi ya kufuta. Ilikuwa imetunza habari za wanafunzi milioni 36, wakati waliokuwa bado wanaitumia ni kama milioni moja tu. Faini ilikuwa dola milioni 6, lakini ilisimamishwa kwa sababu kampuni haikuwa na uwezo wa kulipa.

Kilichotugusa zaidi katika mashitaka yale si zile dola. Ni kwamba kampuni ilikuwa imewaachia walimu kazi ya kuomba ridhaa ya wazazi, na neno hilo ililiandika ndani ya masharti marefu ambayo ni wachache wanaoyasoma. Sheria ya Marekani inaruhusu shule ikubali kwa niaba ya wazazi, lakini kwa kazi ya masomo tu, si kwa biashara. Walimu wale hawakujua kwamba wamebebeshwa mzigo huo. Sisi pia hatukujua. Tuliporudi kusoma masharti ya programu yetu, tulikuta sentensi inayosema kwamba mwalimu anathibitisha amekwisha kupata ridhaa ya wazazi wote. Tulikuwa tumekwisha kufinya.

Hapo ndipo tunafika kwenye neno ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa kuelewa na kwa hiari. Tulitaka kujua watoto wenyewe wanaelewa nini, basi tukaandika ubaoni neno linalotokea katika telefone zetu, «J'accepte», tukauliza maana yake. Mtoto mmoja wa miaka kumi akanyanyua mkono: «Ni pale unafinya ili mchezo uanze.» Darasa lote likakubaliana naye. Mwingine alitueleza kwamba ikiuliza mwaka wa kuzaliwa, unaandika 1995, kwa sababu ukiandika mwaka wako wa kweli inakatala.

Mtoto yule si mwongo kuliko wengine. Yeye ameona mlango na amepata ufunguo. Nchi mbalimbali zimeweka umri ambao chini yake mtoto hawezi kukubali peke yake: Marekani ni miaka 13, Ulaya kwa jumla ni 16, lakini kila nchi inaweza kushuka mpaka 13, Ufaransa imechagua 15. Sisi hapa tuna sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayosema kwamba mtoto ni kila mtu ambaye hajafika miaka 18. Tuna pia Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo ina sehemu yake juu ya habari za watu. Umri huo ni mpaka wa sheria, na ni vizuri uwepo. Lakini mpaka hauelezi chochote kwa mtoto. Anayefinya bila kuelewa akiwa na miaka 12 hataamka siku ya kuzaliwa kwake ya 13 akiwa ameelewa.

Kule Uingereza wameandika mwongozo wa kulinda watoto katika programu, unaotumika kikamilifu tangu mwezi wa tisa mwaka wa 2021. Unawagawa watoto kwa ngazi: wasiojua kusoma mpaka miaka 5, wa miaka 6 mpaka 9, wa 10 mpaka 12, wa 13 mpaka 15, na wa 16 na 17. Tuliupenda mgawanyo huo, kwa sababu kila mama anayelea anaujua tayari kwa watoto wake. Tukaujaribu kwa maneno ya kwetu.

Mtoto mdogo asiyejua kusoma hawezi kukubali kitu. Mama anaamua, na telefone inabaki mikononi mwa mama. Lakini hata yeye anaweza kuambiwa: «Hiki kinasikiliza sauti yako. Ukichoka, kizime.»

Wa miaka 6 mpaka 9 anaelewa jambo moja kwa wakati mmoja, akilionyeshwa na kitu anachokijua. Tunamwambia: «Programu hii ina kaye yake. Inaandika kila jibu lako. Kaye hiyo haiko hapa, iko kwa watu ambao hatuwajui. Jina lako tusiwape.» Mama anaamua, mtoto anajulishwa, na akisema hataki anasikilizwa.

Wa miaka 10 mpaka 12 anaanza kuuliza maswali ambayo sisi hatukuuliza. Msichana mmoja wa darasa la sita alitaka kujua: «Nikihama shule, ile kaye yangu inahama na mimi?» Huyu anastahili jibu la kweli. Ridhaa ya umri huu inatoka kwa wawili: mzazi anakubali, na mtoto anakubali, na mmoja akikataa, basi.

Wa miaka 13 na zaidi tunampa karatasi mkononi aisome mwenyewe, halafu atueleze kwa maneno yake kitu gani kinachukuliwa, kinakwenda kwa nani, na atakifuta namna gani. Asipoweza kueleza, hajakubali bado, hata kama amefinya mara kumi.

Lakini akina mama, kuna jambo moja ambalo linaharibu ridhaa ya kila umri, nalo linatoka kwetu sisi walimu. Mwalimu akisema kazi ya nyumbani iko ndani ya programu na ina pointi, nani atakataa? Mtoto anaogopa kuanguka, mama anaogopa mtoto wake achukiwe. Kukubali kwa namna hiyo si hiari. Ni kama kumwambia mtu achague wakati mlango ni mmoja. Kwa hiyo tulipoanza upya, tulikwenda kwa kila mzazi na karatasi moja ya sentensi sita, kwa Kiswahili, na kwa wasiosoma tuliisoma kwa sauti. Mazoezi yaleyale tuliyaandika pia kwenye karatasi, kwa pointi zilezile. Katika watoto 52, wazazi saba walikataa. Watoto hao saba wanafanya kazi kwenye karatasi, na hakuna anayewauliza sababu. Yule mama wa Uvira ni mmoja wao. Wengine wawili walikubali mwezi wa kwanza, kisha wakabadili mawazo mwezi wa pili. Hilo nalo ni haki. Ridhaa ambayo huwezi kuirudisha inakuwa mtego.

Sasa tuseme juu ya telefone yenyewe, kwa sababu mara nyingi mtoto anatumia telefone ya mama. Karatasi ile ya safu tisa ilionekana kwa macho, lakini programu ina karatasi nyingine isiyoonekana. Inaweza kusoma orodha ya namba zenu zote, kujua telefone iko mahali gani, kufungua kamera na maikro. Ili kuona, fungueni Paramètres, kisha Applications, chagueni ile programu, kisha Autorisations. Hapo mtaona majina kama Position, Contacts, Micro na Appareil photo. Katika telefone nyingine majina au mpangilio vinatofautiana kidogo, lakini sehemu hiyo ipo.

Kwa kila jina, ulizeni lile swali. Micro inaweza kuwa na kazi ikiwa mtoto anasoma kwa sauti na programu inamsikiliza. Kwa zoezi la kuandika haina kazi. Contacts hazimfundishi mtoto lolote, na ni namba za marafiki zenu ambao hawakuulizwa. Position ndiyo ile parseli ya mama yule, tena inajiandika yenyewe kila siku. Chagueni Ne pas autoriser, halafu fungueni zoezi. Likifunguka na kufanya kazi kama kawaida, mnajua kwamba ruhusa ile haikuwa ya masomo. Tulifanya hivyo na programu yetu. Ilikuwa imeomba zote nne. Tulizinyima zote, na hakuna zoezi hata moja lililosimama.

Ni lazima pia tuseme ukweli juu ya yale tusiyoweza kuyarudisha. Tulimwandikia yule kijana kwamba orodha ya kwanza ifutwe. Alikaa majuma mawili, akajibu kwamba imefutwa. Tunalo jibu lake kwa maandishi, lakini hatuna namna ya kuingia katika mashine zao na kutazama. Ndiyo maana sasa hatutegemei kufuta. Kitu ambacho hakikuandikwa hakihitaji kufutwa. Ridhaa nzuri inakuja nyuma ya hapo: kwanza punguza kinachoombwa mpaka kibaki cha masomo tu, kisha ndipo uulize kama mtu anakubali. Kuomba ridhaa kwa safu tisa, hata kwa upole na kwa sahihi ya mzazi, kungekuwa bado ni kosa.

Kwa hiyo mtoto wenu akileta karatasi kutoka shuleni, au mwalimu akiwaomba kuweka programu, msione haya kuuliza. Ulizeni ni habari gani zinachukuliwa, ni za kazi gani, zitafutwa lini, na mtoto asipoitumia atafanyaje ili asipoteze pointi. Mwalimu asiye na jibu la swali la nne bado hajawa tayari kuomba. Sisi hatukuwa tayari, na tulihitaji mama mmoja asimame mlangoni asubuhi ili tujue.

Binti yake amerudi. Kwenye programu hayumo, na katika kaye ya kabati mstari wake hauna namba. Juma lililopita alikuwa wa pili katika hesabu, kwa karatasi na bik.